Kuichora safari ya Chuma na Susi kwenye ramani inayotembea: Chitambo hadi Bagamoyo kwa sekunde 45

Mwaka jana nilimwonyesha shangazi yangu vidio fupi niliyotengeneza kwenye kompyuta: mstari mwekundu unaotoka kusini mwa Ziwa Bangweulu, unapita Tabora, unaishia Bagamoyo. Ni njia waliyopita Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao walipoubeba mwili wa David Livingstone hadi pwani, kuanzia katikati ya mwaka 1873 hadi Februari 1874. Shangazi alitazama kimya hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hawa watu walikuwa wanakimbia?"

Nilikuwa nimehangaika na rangi, na unene wa mstari, na fonti. Muda sikuwa nimeufikiria kabisa. Mstari ulitoka mwanzo hadi mwisho kwa sekunde nane bila kusimama popote, na miezi tisa ya kubeba maiti begani ikageuka mbio. Toleo la pili nililianza upande wa pili: niliamua kwanza mstari usimame wapi na kwa muda gani, ndipo nikarudi kwenye kuchora. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Programu niliyotumia ni QGIS, ambayo ni ya bure, pamoja na ffmpeg ya kuunganisha picha ziwe vidio.

Kwanza sauti, kisha sekunde

Kabla hujafungua ramani, andika maneno yatakayosomwa na uyarekodi, hata kwa simu tu. Ukichora kwanza, utajikuta unamharakisha msomaji ili aufikie mstari, na msikilizaji ataisikia haraka hiyo sautini.

Masimulizi yangu yana vituo vitatu tu. Cha kwanza ni kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, Livingstone alikofia. Huko moyo wake ulizikwa chini ya mti, na mwili ukakaushwa juani kwa muda wa wiki mbili hivi kabla ya kufungwa kwa safari. Cha pili ni Tabora, walikofika Oktoba 1873 wakamkuta Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike mwili hapo hapo. Wakakataa. Cha tatu ni Bagamoyo, Februari 1874.

Kulikuwa na tukio la nne lililonishawishi sana. Baada ya kutoka Tabora walisikia kwamba watu wa mbele hawatakubali maiti ipite katika nchi yao. Wakaufunga mwili upya ufanane na mzigo wa kawaida wa biashara, na wakatuma watu warudi nyuma na mzigo wa uongo, ionekane kwamba maiti imerudishwa Tabora. Ni kisa kizuri mno, lakini kwenye ramani yangu mahali hapo pangekuwa karibu sana na Tabora, na majina mawili yangepandana. Nimekiacha kwenye sauti, kinasimuliwa wakati mstari umesimama Tabora. Kituo kisichopata nafasi ya kusomeka kwenye ramani kisimuliwe kwa mdomo.

Sikiliza rekodi yako huku umeshika kalamu, uandike kila jina la mahali linatajwa sekunde ya ngapi. Vidio yangu ina fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde nimeizidisha kwa 25. Mpango uliotoka ni huu:

Sekunde 0 hadi 4 ni ramani tupu, yenye maziwa na bahari tu. Sekunde 4 hadi 9 nukta ya Chitambo inatokea na kukaa. Sekunde 9 hadi 22 mstari unakwenda Tabora, yaani fremu ya 225 hadi ya 550. Sekunde 22 hadi 28 umesimama Tabora. Sekunde 28 hadi 37 unakwenda Bagamoyo, fremu ya 700 hadi ya 925. Sekunde nane zilizobaki ni Bagamoyo, hadi fremu ya 1125.

Angalia hizo mbili za mwendo: sekunde 13 na sekunde 9. Sikuzibahatisha. Chitambo hadi Tabora ilichukua kama miezi mitano ukihesabu tangu walipoanza kutembea, na Tabora hadi Bagamoyo mitatu na kitu. Nimejitahidi uwiano huo ubaki, ili mtazamaji ahisi kwamba kipande cha kwanza kilikuwa kirefu zaidi bila kuambiwa. Lakini vituo sikuvipa muda kwa uwiano. Tabora walikaa majuma machache tu, nami nimeipa sekunde sita, kwa sababu hapo ndipo walipofanya uamuzi. Mwendo ufuate kalenda, kusimama kufuate masimulizi.

Ramani ya chini iwe ya mwaka 1873

Nilichukua data ya Natural Earth ya kipimo cha 1:10,000,000: nchi kavu, maziwa na mito. Mipaka ya nchi sikuichukua. Mwaka 1873 hapakuwa na mpaka kati ya Zambia na Tanzania, na mkutano wa Berlin ulikuwa bado kwa zaidi ya miaka kumi. Ukiweka mipaka ya leo, mtazamaji ataona watu wanavuka mpaka ambao hawakuuvuka.

Kosa la pili la aina hiyo limejificha kwenye maziwa. Faili ya maziwa ya Natural Earth inachanganya maziwa ya asili na mabwawa, na yote yana rangi moja ya buluu. Fungua jedwali la tabaka hilo, tazama safu ya `featurecla`, uondoe vyote vilivyoandikwa `Reservoir`. Halafu pitisha jicho mwenyewe katikati ya Tanzania, kwa sababu Bwawa la Mtera, kwa mfano, ni la miaka ya karibu na 1980. Karne moja kabla ya hapo palikuwa na mto tu.

Mfumo wa ramani nimeuacha kuwa EPSG:3857, ule wa ramani za mtandaoni. Watu wengi wa ramani wanaulaumu kwa kuvimbisha nchi za kaskazini, na ni kweli, lakini sisi tuko karibu na ikweta. Latitudo ya 12 kusini, alikofia Livingstone, inavimba kwa asilimia 2 hivi, na jicho haliwezi kuliona hilo.

Fremu yangu ina upana wa pikseli 1920 na urefu wa 1080. Niliitandaza kutoka longitudo 25.5 hadi 43 mashariki, na latitudo 13.6 hadi 3.9 kusini. Hapo pikseli moja ni karibu kilomita moja, jambo linalorahisisha hesabu zote. Utaona kwamba upande wa kulia inabaki sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi isiyo na kitu. Usiikate. Ndipo patakapokaa tarehe, mahali ambapo hakuna mstari wala jina la kugongana nalo. Ukishapata mkao huo uhifadhi kama `Spatial Bookmark`, maana kugusa gurudumu la kipanya mara moja kunatosha kuuharibu.

Kuchora njia na kukiri usichokijua

Tengeneza tabaka la mistari lenye safu mbili za namba nzima: `anza` na `isha`. Chora mistari miwili, mmoja wa kila kipande. Wa kwanza uwe na `anza` 225 na `isha` 550, wa pili 700 na 925. Bofya kuanzia walikotoka kuelekea walikokwenda. Ukichora kinyume, mstari utaota kutoka Tabora ukirudi Chitambo. Likikutokea hilo, kuna kitufe cha `Reverse Line` kwenye vifaa vya uchoraji vya ziada.

Kipande cha kwanza hakinyooki. Kutoka Chitambo walikwenda magharibi, wakavuka mto Luapula, wakazunguka Bangweulu kwa upande wa magharibi, kisha wakageuka kaskazini-mashariki wakapita kusini mwa Ziwa Tanganyika, wakaliacha ziwa kushoto wakipanda kwenda Tabora. Ukivuta mstari mnyoofu kutoka Chitambo hadi Tabora utapita katikati ya kinamasi, na mtazamaji anayeijua nchi hiyo atazima vidio.

Nilitumia nukta 14 tu kwa kipande hiki. Mtu anaweza kushawishika kuweka nukta mia, ajipinde na kila kilima, ionekane kazi ya kitaalamu. Lakini mstari uliojipinda sana unadai kwamba unajua walikanyaga wapi. Mimi ninajua walizunguka ziwa upande gani, sijui kila kijito walichovuka. Kwa hiyo kipande hicho nimekipa mstari wa vipande vipande, na cha Tabora hadi Bagamoyo, kilichofuata barabara ya misafara iliyojulikana sana, nimekipa mstari mzima.

Kuna mtego mmoja hapa. Kwenye mipangilio ya mstari wa vipande vipande kuna chaguo la `Align dash pattern to line length`. Ukiliacha limewashwa, programu inapanga vipande upya kila mstari unaporefuka, na njia nzima inaanza kutetemeka kama inapumua. Lizime.

Kuufanya mstari uote

Fungua mtindo wa tabaka la njia, badilisha aina ya alama iwe `Geometry Generator`, chagua matokeo ya aina ya mstari, uandike:

```
if(@frame_number > "anza",
  with_variable('p',
    clamp(0, (@frame_number - "anza") / ("isha" - "anza"), 1),
    line_substring($geometry, 0,
      length($geometry) * @p * @p * (3 - 2 * @p))),
  NULL)
```

Maana yake ni nyepesi. `p` ni sehemu ya safari iliyokwisha kupitwa: sifuri mwanzoni, moja mwishoni. `line_substring` inakata mstari kutoka mwanzo hadi hapo. Ile hesabu ya `@p * @p * (3 - 2 * @p)` inaufanya mstari uanze polepole, uchanganye, kisha upunguze mwendo unapokaribia kituo. Bila hiyo mstari unaruka ghafla na kugota ghafla. Lakini itumie tu pale mstari unapoishia kwenye kituo cha kweli. Ukikata kipande kimoja mara tano na kila kimoja ukakipa hesabu hiyo, wapagazi wataonekana wanasitasita njiani bila sababu.

Andika `length($geometry)`, usiandike `$length`. Zinafanana, lakini `$length` inatoa mita halisi juu ya dunia, na kama tabaka lako limehifadhiwa kwa digrii, namba hiyo ni kubwa kuliko urefu wa mstari wenyewe kwa maelfu. Dalili yake ni kwamba mstari unatokea wote kwa mara moja katika fremu ya kwanza ya mwendo. Nilipoteza jioni nzima nikitafuta kosa kwenye namba za fremu, kumbe lilikuwa ni neno hilo moja.

Sasa nenda kwenye `Layer Properties`, sehemu ya `Temporal`, washa `Dynamic Temporal Control`, uchague `Redraw Layer Only`. Hatua hii wengi wanairuka. Bila hiyo QGIS haioni sababu ya kulichora upya tabaka muda unaposogea, na unabonyeza kitufe cha kucheza huku mstari umetulia tuli. Fanya hivyo kwa kila tabaka linalotumia `@frame_number`, la majina na la tarehe pia.

Kwenye `Temporal Controller` chagua `Animated temporal navigation`. Tarehe utakazoweka hapo si za 1873, ni za kuhesabia fremu tu. Mimi naweka 1 Januari 2000 saa `00:00:00` hadi `00:18:45`, hatua ya sekunde moja. Dakika 18 na sekunde 45 ni sekunde 1125, basi kila sekunde ya bandia ni fremu moja ya vidio.

Kama unataka kichwa cha mstari kiwe na nukta inayotembea, ongeza `Marker Line` ndani ya `Geometry Generator`, uiweke kwenye nukta ya mwisho. Ila kipande cha kwanza kikiisha, nukta yake itabaki Tabora wakati ya pili inakwenda pwani. Kwenye `Enable layer` ya nukta hiyo andika `@frame_number <= "isha"` izimike ikifika. Nukta iwe duara la kawaida. Picha ndogo za watu waliobeba mzigo, kwa ukubwa huo, zinaonekana kama sisimizi, na hawa ni watu wa kuheshimiwa.

Majina: lini yatokee, yakae wapi

Tabaka la vituo lina safu za `jina` na `tokea`. Uonekanaji wa maandishi unatawaliwa hivi:

```
clamp(0, (@frame_number - "tokea") / 12, 1) * 100
```

Jina linaibuka kwa fremu 12, karibu nusu sekunde. Kama umeyawekea maandishi ukingo mweupe, ipe `Buffer` nayo hesabu hiyo hiyo, la sivyo ukingo utatangulia na utaona kivuli cheupe cha neno ambalo bado halipo.

Swali linalokuja ni `tokea` iwe fremu ya ngapi. Jina likitangulia sana, jicho linakimbilia mwisho wa safari na kuuacha mstari peke yake. Likichelewa, sauti imeshasema "Tabora" na mtazamaji bado anaitafuta. Kiswahili chenyewe kimenisaidia hapa. Tunasema "wakafika Tabora": kitenzi kinatangulia, jina linafuata. Nimeweka mstari uguse nukta na jina lianze kuibuka kwenye "wakafika", na kufikia msikilizaji anapolisikia jina, limekwisha kuwa zito na linasomeka. Hizo fremu 12 ndizo urefu wa neno hilo kinywani mwa msomaji wangu. Wako akiwa na kasi nyingine, pima upya.

Muda wa kukaa usiupime kwa idadi ya maneno. Neno letu moja linaweza kubeba sentensi nzima. "Walipomkatalia" ni neno moja. Soma maandishi yote yaliyopo kwenye skrini kwa sauti, taratibu, mara mbili, na muda huo ndio wa chini kabisa.

Majina yenyewe niliyaandika yalivyokuwa yakijulikana, na la leo kwa herufi ndogo chini yake pale linapohitajika: Unyanyembe, chini yake Tabora. Tarehe ni mwezi na mwaka tu. Vitabu vingi vinasema Livingstone alifariki 1 Mei 1873, lakini maandishi ambayo Wainwright aliyachonga kwenye mti yalikuwa na tarehe ya 4 Mei. "Mei 1873" ni kweli kwa vyovyote. Kwa sababu hiyo hiyo sikuweka kihesabu kinachopita siku moja moja mstari unapotembea. Kinavutia, lakini kingekuwa kinabuni tarehe mia mbili na zaidi. Kule baharini imeandikwa Mei 1873, inafifia wapagazi wanapoondoka, kisha inakuja Oktoba 1873 wanapofika Tabora.

QGIS ikiachiwa ipange majina yenyewe, inatafuta nafasi nzuri upya katika kila fremu, na jina linaruka kutoka kulia kwenda kushoto ya nukta kila mstari unapopita karibu. Chagua `Offset from Point`, amua mwenyewe upande wa kila jina, na uruhusu majina kupandana ili lisifichwe lolote. La Chitambo nimeliweka kulia kwa sababu mstari unaondokea kushoto. La Tabora liko juu, kwa kuwa mstari unaingia kutoka chini na unaondokea kulia. Bagamoyo liko kulia, juu ya maji.

Ukubwa wa herufi upime kwa pikseli, usiupime kwa pointi, ili usibadilike unapotoa picha. Chini ya pikseli 36 usishuke, kwa sababu vidio hii itatazamwa kwenye simu.

Kutoa picha na kuziunganisha

Bofya alama ya diski kwenye `Temporal Controller`. Kwenye dirisha linalofunguka weka jina la mfano `fremu####.png`, upana 1920, urefu 1080, eneo la ile `Spatial Bookmark`, na uhakikishe muda na hatua ni zile zile ulizoweka mwanzo, maana dirisha hili lina nafasi zake lenyewe za kuvijaza. Kabla ya kutoa zote, sogeza kwanza kitelezi cha `Temporal Controller` hadi karibu na fremu ya 550 uzikague fremu za hapo moja moja. Kosa la Tabora utaliona hapo kwa dakika moja badala ya kusubiri picha zaidi ya elfu.

```
ffmpeg -framerate 25 -i fremu%04d.png -i sauti.wav \
  -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -c:a aac safari.mp4
```

Usiiache ile `yuv420p`. Bila hiyo simu nyingi zinaonyesha skrini nyeusi huku sauti inasikika.

Ukimaliza, itazame mara moja sauti ikiwa imezimwa, kwenye simu uliyoishika kwa umbali wa mkono, na umwombe mtu asiyeijua hadithi akusimulie alichokiona. Toleo la pili nilimpa shangazi vivyo hivyo, bila sauti. Mstari uliposimama Tabora akaungoja, halafu akasema, "Hapa walipumzika." Ulipoanza tena kwenda mashariki akauliza kwa nini hawakuishia pale, na ndipo nikamwashia sauti.